Dereva Hawezi Kujidai

Ukinunua bima ya gari nchini Kenya, mara nyingi wakala huuliza kwa haraka kama utaongeza "ajali binafsi" ya dereva na abiria. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na ya bima yenyewe, na wengi hukataa wakisema, "Si tayari nina bima?" Wanayo kweli. Lakini bima ile humlinda mwenye gari asifilisike kwa kudaiwa na watu wengine. Haikuwekwa ili imlipe yeye akiumia.

Chukua familia ya mfano inayotoka Nairobi kwenda Mombasa. Mume anaendesha, mke yuko mbele, shemeji nyuma. Baada ya Mtito Andei mume anasinzia, gari linaacha lami na kugonga mti. Hakuna gari jingine lililohusika. Mume amevunjika mguu, mke amepoteza jicho moja, shemeji amefariki.

Anza na mume. Bima ya dhima hulipa pale mtu mwingine anapokudai kwa sababu ya uzembe wako. Hapa mzembe na majeruhi ni mtu mmoja, na hakuna mahakama itakayopokea kesi ya mtu kujidai mwenyewe. Kutoka upande huo hapati hata shilingi.

Mke ana njia, ila ni ndefu. Anaweza kumshtaki mumewe, athibitishe kwamba alisinzia, kisha hakimu akadirie thamani ya jicho lake. Kampuni ya bima ndiyo ingelipa, lakini hapa pana jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405 ya sheria za Kenya, haimlazimishi mwenye gari binafsi kuwakatia bima abiria wasiolipa nauli. Mikataba mingi ya bima kubwa huwajumuisha kwa hiari ya kampuni. Ukiwa na bima ya chini kabisa, huenda mkeo yuko nje. Hata akiwa ndani, sheria hiyo inaweka ukomo wa shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, na hukumu ikizidi hapo, kinachobaki kinamwangukia mumewe. Kuna ndoa ngapi zinazoweza kubeba kesi ya namna hiyo?

Sasa tuseme walikuwa wameongeza ajali binafsi ya shilingi 500,000 kwa kila kiti. Ndani ya mkataba huwa kuna jedwali. Kwa kawaida kifo hulipwa kiasi chote, kupoteza macho mawili au viungo viwili hulipwa chote pia, na jicho moja au kiungo kimoja nusu. Mke anapeleka ripoti ya daktari na kupata 250,000. Warithi wa shemeji wanapata 500,000. Hakuna anayeuliza nani alikosea. Mume naye, kama mkataba wake una malipo ya kila wiki kwa asiyeweza kufanya kazi, atalipwa wiki kwa wiki hadi ukomo uliowekwa, ambao mara nyingi ni wiki 104. Kama hauna, mguu uliovunjika ukapona haumo kwenye jedwali, na hapo anabaki na gharama za matibabu tu, nazo ikiwa zimetajwa.

Huo ndio udhaifu wa jedwali: halijui wewe ni nani. Fundi cherehani na mstaafu wanapata kiasi kilekile kwa jicho lilelile, na maumivu ya mgongo yasiyokwisha hayana mstari wake. Mahakama hupima hasara ya mtu mmoja mmoja, jedwali halipimi.

Kama kosa lingekuwa la lori lililotoka upande wake, familia ingedai bima ya lori na bado ikachukua mafao ya jedwali. Hilo liliamuliwa zamani, Uingereza mwaka 1874, katika kesi ya Bradburn dhidi ya kampuni ya reli ya Great Western: abiria aliyeumia alikuwa amelipwa na bima yake ya ajali, na mahakama ikakataa kulipunguzia shirika la reli mzigo kwa sababu hiyo, maana ada aliilipa mwenyewe. Risiti za hospitali ni kando. Kifungu cha matibabu hurudisha kilichotumika tu, kwa hiyo bili moja hailipwi mara mbili.

Madai ya mafao haya hukataliwa kwa sababu chache zinazojirudia. Dereva alikuwa amelewa. Kifo kilitokea baada ya muda wa mkataba kupita, kwa kawaida miezi 12 tangu ajali. Au gari la viti vitano lilibeba watu saba, na kampuni ikagawanya kiasi au kukataa kabisa. Kabla ya kulipa ada, omba ukurasa wenye jedwali na usome mistari miwili: kama nyongeza ni ya mwenye gari pekee au ya yeyote anayeendesha kwa ruhusa yake, na kama pesa za abiria zinakwenda kwa abiria mwenyewe au zinapitia kwa mwenye bima.