Jua la Kubandika na Kanzu Nyeupe

Aprili ya mwaka mmoja nilipiga picha za harusi Forodhani, Unguja. Masika yalikuwa yamekaza. Maharusi walisimama kwenye ukuta wa bahari, yeye na kanzu yake nyeupe, mwenzake na gauni la rangi ya maziwa. Nyuma yao kulikuwa na jahazi lililotweka tanga, na mbali zaidi kisiwa cha Changuu. Kila kitu kilikaa mahali pake, ila mbingu ilikuwa ya kijivu tupu, haina hata wingu la kulitazama. Siku mbili baadaye bibi harusi akanipigia simu: "Kaka, huwezi kutuwekea machweo?"

Nikaweka. Nilichukua mbingu ya rangi ya chungwa kutoka picha nyingine, nikaibandika, kisha nikaipaka picha nzima uchungwa kidogo ili juu na chini vifanane. Mama wa bibi harusi aliitazama kwenye simu kwa muda, akaniambia kwa upole: "Mwanangu, jua liko nyuma yao. Mbona kanzu inang'aa kama saa sita za mchana?"

Swali lake ndilo kazi yote. Mbingu ndiyo taa ya kila kilicho chini yake. Siku ya mawingu mazito, mwanga hushuka kutoka juu na pande zote, ndiyo maana vitu havina vivuli vikali. Jua linapotua, mwanga hutoka upande mmoja, chini kabisa. Umepita kwenye hewa nyingi hadi rangi ya buluu imetawanyika njiani, na kinachotufikia ni njano na nyekundu. Lakini ukilitazama jua hilo, watu waliosimama kati yako nalo wamekugeuzia upande wa kivuli. Upande huo hauguswi na jua hata kidogo. Unaangaziwa na mbingu iliyo nyuma ya mgongo wako, ambayo bado ina ubuluu. Kwa hiyo mbele ya machweo halisi vitu havigeuki vya chungwa: vinatiwa giza, vinapoa rangi, na uchungwa unabaki kwenye kingo tu, begani, kwenye nywele, ukingoni mwa kofia.

Nilianza upya, safari hii kwa kuchagua mbingu. Swali la kwanza ni kama jua linaweza kutua pale. Forodhani inatazama magharibi, kwa hiyo linatua baharini. Ufukwe wa Paje au Coco Beach ya Dar es Salaam unatazama mashariki, na machweo juu ya bahari ya huko yatamchekesha kila aliyekulia hapo. Swali la pili ni ukubwa wa jua. Picha yangu ilipigwa kwa lenzi ya milimita 35 na ina upana wa pikseli 6000, na katika picha ya namna hiyo jua halisi lina upana wa pikseli 50 na kitu tu. Mbingu niliyoitumia mwanzo ilipigwa kwa lenzi ya milimita 200, na jua lake lilizidi pikseli 300. Lilikuwa kama sinia juu ya jahazi. Nikatafuta mbingu niliyoipiga mwenyewe kwa lenzi ile ile ya 35, nikahakikisha sehemu yake ya chini ndiyo inayokaa juu ya bahari. Mawingu hupungua ukubwa na kusogeleana kadiri yanavyokaribia upeo wa macho. Ukikata mbingu katikati na kuishusha baharini, mawingu makubwa hukaa mahali pa madogo, na jicho hukataa hata kama mtu hawezi kusema sababu.

Kuunga mbingu na bahari si jambo la kompyuta peke yake. Mfaransa Gustave Le Gray alilifanya katika miaka ya 1850. Kemikali za wakati wake ziliona buluu kupita kiasi, na mbingu ikatoka nyeupe tupu, kwa hiyo katika baadhi ya picha zake alitumia negativu moja ya bahari na nyingine ya mawingu, akaziunganisha kwenye upeo wa macho. Mahali hapo ndipo pazuri pa kuficha mshono, kwa sababu pana mstari tayari. Nami niliulainisha mshono wangu kwa pikseli mbili au tatu tu. Mstari mkali kama wembe unaonekana umekatwa kwa mkasi, na uliolainishwa sana unaonekana kama moshi.

Tabu ilikuwa mlingoti na kamba zake. Ukizikata kwa mkono, kila kamba hubaki na utepe mweupe pembeni, ambao ni mbingu ya zamani iliyong'ang'ania. Ninafanya kazi kwa GIMP, programu ya bure. Humo niliiweka leya ya mbingu mpya juu, katika hali ya Multiply. Hali hiyo huzidisha rangi ya juu kwa ya chini: palipo peupe chini, rangi ya juu hubaki ilivyo, na palipo peusi hubaki peusi. Kamba nyembamba zikabaki bila kukatwa. Ila mbingu yangu ya kijivu haikuwa nyeupe. Ilikuwa kama 190 katika kipimo cha 0 hadi 255, na kila rangi ya machweo ingepungua kwa robo. Kwa hiyo kwanza nilitengeneza nakala ya picha, nikafungua Levels, nikashusha nukta nyeupe hadi 190, kisha nikaifunga nakala hiyo kwa maski ili ibaki eneo la mbingu na kamba peke yake.

Ndipo nikaigeukia kanzu. Kwa Exposure nilipunguza mwanga wa sehemu ya mbele kwa 1, yaani nusu ya mwanga. Nikapunguza kidogo ukali wa rangi, nikatia chembe ya buluu kwenye vivuli. Mikunjo ya kanzu ikawa ya kijivu chenye ubuluu, kama ilivyo kweli jioni. Nyuso niliziacha na mwanga zaidi kidogo kuliko mavazi, maana mpiga picha yeyote angewasha flashi ndogo. Tanga la jahazi lilikuwa kinyume: kitambaa hupitisha mwanga, kwa hiyo jua lililo nyuma yake hulifanya liwe la dhahabu wakati ubao wa chombo umekuwa mweusi.

Bahari ndiyo wengi wanaisahau. Maji ya kijivu chini ya mbingu nyekundu hayapo duniani. Nilinakili mbingu, nikaipindua juu chini, nikaiburuta ukungu wa wima kwa Linear Motion Blur, nikaiweka juu ya maji katika hali ya Soft light, uzito wa asilimia 40. Kisha nikachora njia ya mng'ao moja kwa moja chini ya jua, ikakatikakatika kwa kufuata mawimbi. Ikihama hata kidogo kushoto au kulia, picha imeharibika. Changuu nako nilikugusa: nilichukua rangi ya mbingu iliyo juu tu ya upeo, nikaipaka kisiwa kwa brashi laini, uzito wa asilimia 20, kwa sababu ukungu wa mbali hubeba rangi ya mbingu iliyo nyuma yake.

Kuna picha ambazo kazi hii haiziwezi. Iliyopigwa juani, vivuli vifupi vikiwa miguuni, haitakubali machweo hata uhangaike wiki nzima, ndiyo maana siku ya mawingu ni mtaji. Na picha ya habari haibadilishwi mbingu kabisa, kwani msomaji anaipokea kama ushahidi. Hii ilikuwa zawadi ya harusi, na wenyewe walijua.

Kabla ya kuituma niliigeuza nyeusi na nyeupe kwa dakika moja. Bila rangi, kosa la mwanga halina pa kujificha, na niliona begani mwa bwana harusi pamebaki pang'avu kuliko mbingu. Nikapashusha. Mama aliipokea jioni, akanitumia sauti fupi: "Hapa sasa, magharibi imeingia."