Jina Lako, Sura ya Msee Mwingine: Gazeti Likikosea Hivi, Linafaa Kurekebisha Vipi?

Tuseme uko Awasi stejini unangoja matatu ya Kisumu, halafu msee anakuwekea gazeti usoni: "Otieno, kumbe ulishikwa?" Picha ni ya jamaa akiwa kortini. Sura si yako, lakini majina mawili yaliyo chini yake ni yako. Siku mbili baadaye gazeti linaweka kamstari kwa kona: "Tunaomba radhi kwa kosa la Jumanne." Hapo umesaidika? Wapi! Kosa gani sasa?

Pande hii hilo kosa huja rahisi. Kwa Waluo, Otieno ni aliyezaliwa usiku, Ochieng ni aliyezaliwa jua likiwaka, kwa hivyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Otieno kibao. Mhariri akiwa mbio, anatafuta jina kwa maktaba ya picha na kuchukua ya kwanza. Ama mpiga picha ameandika majina "kutoka kushoto", halafu picha inakatwa pembeni. Mtu mmoja anatoka, majina yanabaki vile vile, na kila mtu anapewa jina la jirani.

Hata wakubwa huteleza. Januari 2020, kwa mkutano wa Davos, shirika la Reuters lilimtambulisha Vanessa Nakate wa Uganda kama Natasha Mwansa wa Zambia. Ilibidi warekebishe.

Sasa, marekebisho poa husemaje? Yanataja siku na ukurasa, yanasema wazi nini hakikuwa kweli, halafu yanaweka ukweli. Kitu kama hii: "Toleo la Jumanne, ukurasa wa 5, maelezo ya picha yalimtaja fulani. Aliye pichani si yeye, na hahusiki na kesi hiyo. Tunamwomba radhi." Hayo maneno "hahusiki na kesi" ndiyo yanakuokoa. Bila hayo, wasee wa stejini watabaki na ile stori ya kwanza.

Kuna kitu wengi husahau: maelezo yaliyo ndani ya maktaba ya picha. Yasipobadilishwa, siku ya hukumu mhariri mwingine atatoa picha ile ile na jina lile lile. Uliza kama wamebadilisha huko pia, na kwa mtandao.

Hii si hisani. Katiba ya Kenya, kifungu cha 35(2), inakupa haki ya habari ya uongo inayokuathiri kurekebishwa ama kufutwa. Sheria ya kashfa nayo, kifungu cha 7A, inasema marekebisho ya gazeti huchapishwa bila kulipisha, na yapewe uzito sawa na ile stori. Kama ulikuwa ukurasa wa mbele, kona ya ndani haitoshi.

Kwa hivyo weka nakala ya gazeti, andikia mhariri barua yenye tarehe na ukurasa, na ubaki na kopi. Wakikuzungusha, peleka malalamishi kwa Baraza la Vyombo vya Habari. Ukitaka korti, usilale: kesi ya kashfa huwekwa ndani ya miezi 12.