Mkato Mahali pa Nukta

Mialiko mitatu ya semina ilinirudia siku moja. Nilipofungua jedwali la Excel tulilowaandikisha washiriki, nikaona kisa. Anwani moja iliishia na `gmail,com`, mkato umekaa mahali pa nukta. Ya pili ilikuwa na @ mbili. Ya tatu haikuwa barua pepe hata kidogo, ilikuwa namba ya simu. Mwandikishaji alikuwa na foleni mbele yake, na jedwali lilipokea chochote alichogonga.

Jedwali hilo linaweza kuwekewa mlinzi. Anza kwenye seli B2, chagua kushuka hadi mwisho wa orodha, fungua Data, kisha Data Validation. Kwenye Allow chagua Custom, na katika kisanduku cha Formula uandike:

```
=AND(LEN(B2)-LEN(SUBSTITUTE(B2,"@",""))=1,
ISNUMBER(FIND(".",B2,FIND("@",B2)+2)))
```

Sehemu ya kwanza huhesabu @. LEN hutoa urefu wa maandishi, SUBSTITUTE huondoa kila @, kisha urefu hupimwa tena. `jina@mfano.co.tz` ina urefu wa 16. Ukiondoa @ unabaki 15. Tofauti ni 1, basi inapita.

Sehemu ya pili ina kazi nzito zaidi, maana kutafuta nukta tu hakutoshi. Watu wengi hutenganisha majina yao kwa nukta, kwa hiyo `jina.ukoo@gmail,com` ina nukta, ila iko upande usiotakiwa. Ndiyo sababu FIND ya ndani hutafuta kwanza @ ilipo. Ile +2 huiruka @ pamoja na herufi moja inayoifuata, na hapo ndipo nukta inapoanza kutafutwa. Isipopatikana, FIND hutoa kosa, ISNUMBER hulifanya FALSE, na Excel humzuia mwandikishaji palepale.

Ukiona anwani nzuri zinakataliwa, angalia ulianza kuchagua wapi. Ukianzia B3 huku fomula ikisema B2, kila seli itakaguliwa kwa maandishi ya seli iliyo juu yake. Jambo hili lilinipotezea asubuhi nzima.

Mlinzi huyu pia hukagua kinachoandikwa kwa kibodi tu. Anwani iliyonakiliwa kwingine na kubandikwa hupita bila kuulizwa, na zilizokuwemo kabla ya fomula hubaki zilivyo. Kwa hizo, fungua tena menyu ya Data Validation ubonyeze Circle Invalid Data: Excel itazizungushia duara jekundu anwani zote mbovu, fomula ikiwa bado ipo kwenye seli hizo.

Lakini `jina@gmial.com` haitazungushiwa chochote. Ina @ moja, ina nukta baada yake, na barua haitafika kwa mwenyewe. Kwa hiyo siku hizi namsomea kila mtu anwani yake, herufi kwa herufi, kabla hajaondoka mezani.