Friza yagandisha, juu kuna joto: Kabla ya kulipia gesi, tazama kilango cha hewa

LUNGA LUNGA. Mfanyabiashara akiona samaki kwenye friza wamekuwa mawe, huamini friji yake ni nzima. Ndiyo maana hitilafu hii huwatia watu hasara kimyakimya: friza ya chini inagandisha kama kawaida, lakini sehemu ya juu, yanakokaa maziwa, soda, juisi na mboga, imekuwa vuguvugu. Siku ya kwanza hakuna anayegundua. Siku ya tatu pakiti za mtindi zimevimba na mteja amerudisha mzigo.

Anapoitwa fundi, mara nyingi jibu huwa tayari mdomoni kabla hajafungua mlango: "Gesi imeisha." Katika friji za milango miwili zisizojaza theluji, jibu hilo mara nyingi si la kweli, na namna friji hizo zilivyoundwa inaeleza sababu.

Friji nyingi za aina hii hazina mitambo miwili ya baridi. Zina mmoja tu, uliofichwa nyuma ya ukuta wa plastiki wa friza. Hapo kuna mabomba yenye mapezi membamba ya alumini yanayopoa sana, na feni ndogo inayopuliza hewa juu yake. Sehemu kubwa ya hewa hiyo huzunguka humo humo ndani ya friza. Inayobaki hupanda kwa njia iliyojengwa ndani ya ukuta wa nyuma mpaka sehemu ya juu. Kwa hiyo sehemu ya juu haitengenezi baridi yake yenyewe. Inaletewa kutoka chini.

Katikati ya njia hiyo kuna kilango, kipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kiganja, ambacho mafundi hukiita dampa. Juu kukipata joto, kilango hufunguka na baridi hupanda. Kukifika nyuzi 4 au 5 hivi, hujifunga. Katika friji za zamani kilango husukumwa na kifuko kidogo cha gesi kinachotanuka na kunywea kulingana na joto, au huvutwa kwa kitasa cha mkono. Katika nyingi za sasa husukumwa na mota ndogo yenye meno ya plastiki, ikifuata habari za sensa iliyobandikwa ukutani.

Kilango hicho kikinasa kikiwa kimefungwa, baridi yote hubaki chini. Friza haipungukiwi na chochote, ila juu kunakosa hewa. Kikinasa kikiwa wazi mambo hugeuka: mayai ya juu hupasuka na mtindi huwa barafu.

Hapo ndipo hoja ya gesi inapoyumba. Gesi ikipungua, kinachodhoofika ni ule mtambo mmoja wa chini, kwa hiyo friza nayo lazima ilegee. Friza inayoshika nyuzi 18 chini ya sifuri usiku na mchana si friza iliyoishiwa gesi.

Mfano ni wa mama mmoja mfanyabiashara wa Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka wa Horohoro. Huleta mtindi wa pakiti kutoka Tanga na kuuza pamoja na samaki waliogandishwa. Friji yake, ya milango miwili na friza chini, aliinunua Mombasa ikiwa imeshatumika. Wiki ya pili juu pakaanza kupata joto. Fundi wa kwanza alishika pakiti moja, akatikisa kichwa na kutaka kukata bomba ili ajaze gesi. Mama akasita, kwa kuwa samaki wake walikuwa wamegandasana.

Fundi wa pili, kijana kutoka upande wa Tanga, alianza na glasi ya maji. Aliiweka katikati ya rafu ya juu ikiwa na kipimajoto ndani, na kipimajoto kingine akakisukuma katikati ya samaki, kisha akamwomba mama asifungue friji hadi asubuhi. Maji hutumika kwa sababu hewa hubadilika kila mlango unapofunguliwa, lakini maji hueleza hali ya usiku mzima. Asubuhi glasi ilisoma nyuzi 13. Samaki walikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri.

"Shikamoo mama. Gesi yako ipo," alisema. "Baridi imeshindwa kupanda tu."

Hata hivyo hakukimbilia dampa. Kuna mambo mengine mawili yanayofanana nayo sana, na fundi asiyeyatenga atafungua mahali pasipohusika.

La kwanza ni feni. Friji nyingi huzima feni mlango wa friza unapofunguliwa, hivyo alibonyeza kwa kidole swichi ya mlango na kutega sikio. Feni ikanguruma. Ingekuwa kimya, kosa lingekuwa la feni, na friza nayo ingeanza kulegea baada ya muda.

La pili, ambalo ndilo linalodanganya kuliko yote, ni barafu iliyoziba mtambo wenyewe. Friji hizi zina hita inayowaka kwa vipindi kuyeyusha theluji kwenye yale mapezi. Hita ikifa, theluji hujazana hadi hewa ikose pa kupita, na kwa siku kadhaa friza huendelea kugandisha huku juu kukipata joto, sawasawa na dampa iliyonasa. Dalili yake huonekana kwenye ukuta wa nyuma wa friza, ambao huota theluji nyeupe au kutuna. Ukuta wa friji ya mama huyu ulikuwa mkavu na laini.

Ndipo akaweka kiganja kwenye matundu ya hewa ya juu. Feni inafanya kazi, lakini hakuna upepo hata kidogo. Akachomoa plagi, akatoa rafu, akafungua skrubu mbili na kuachia vibanio vya kifuniko cha matundu taratibu, maana plastiki yenye baridi huvunjika upesi. Nyuma yake palikuwa na kipande cha lile povu jeupe gumu linalofungiwa televisheni mpya, na ndani yake kilango. Kilikuwa kimefungwa, na ukingo wake wote umeshikwa na barafu nyembamba kama bapa la kisu.

Hapa ndipo wengi huharibu. Barafu haichokolewi kwa bisibisi, na kilango chenye mota hakilazimishwi kwa kidole, kwa kuwa meno yake ya plastiki hukatika na kazi ya barafu hugeuka kuwa kazi ya kununua kipuri. Fundi aliazima mashine ya kukaushia nywele katika saluni ya jirani, akaiweka kwenye moto mdogo na kuipitisha kwa umbali bila kuituliza mahali pamoja, kwani povu huyeyuka. Barafu ilipokwisha alikausha maji yote kwa kitambaa. Tone likibaki litaganda usiku uleule.

Alipochomeka plagi tena, kilango kilitoa mlio wa tik-tik na kujisogeza chenyewe. Friji nyingi za dampa ya mota hufanya hivyo zinapopata umeme, zikitafuta mahali pa kuanzia, na mlio huo ulimwambia kwamba mota ni nzima na waya zake zinapitisha umeme. Kesho yake asubuhi glasi ilisoma nyuzi 5.

Swali lililobaki ni maji yale yalitoka wapi. Kuyeyusha barafu bila kujua chanzo chake ni kumfanya mama amwite tena baada ya siku kumi. Fundi alifunga mlango wa juu juu ya kipande cha karatasi na kukivuta, akirudia kuzunguka mlango mzima. Karibu kote karatasi ilikazwa. Pembe ya chini, upande wa bawaba, ilitoka bila kushikwa. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, na hapo ndipo ilipokuwa ikiingilia na kwenda kuganda mahali pa baridi kuliko pote huko juu, yaani kwenye kilango. Mpira haukuwa umechanika, ulikuwa umejikunja tu. Aliukanda kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka ukarudi umbo lake.

Pengine safari kutoka Mombasa ilichangia pia. Friji inayozimwa na kupakiwa garini ikiwa na theluji ndani humwaga maji yake humo njiani, na maji hayo yakifika kwenye njia ya hewa huganda mara tu friji inapowashwa tena. Anayehamisha friji afadhali aizime mapema, aache milango wazi mpaka ikauke kabisa, ndipo aifunge kamba.

Si kila dampa huponywa na joto la saluni. Barafu ikiondolewa na kilango kikabaki kimya umeme unapowashwa, mota imekufa, meno yamekatika, au haipati amri. Fundi mwenye mita hupima nyuzi za mota: katika mota za aina hii jozi mbili za nyuzi husoma karibu sawa, na moja isiposoma kitu, mota ni ya kubadilishwa. Kilango kikisogea vizuri kisha kikajifunga juu kukiwa bado na joto, sensa ndiyo ya kushukiwa, kwa sababu inadanganya kwamba tayari kuna baridi.

Kipuri kikikosekana upande mmoja wa mpaka, picha ya namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha friji ndiyo ya kumtumia muuzaji wa upande wa pili. Kusema "ni ya milango miwili" hakumsaidii. Wakati wa kungoja, mafundi huzuia kilango kwa kipande cha povu kikae nusu wazi. Biashara inaendelea, ila sehemu ya juu haina tena wa kuirekebisha, kwa hiyo glasi ya maji inabaki rafuni na vitu vinavyoogopa kuganda huwekwa mbali na matundu. Kupandisha baridi ya friza hadi mwisho wakati kilango kimefungwa kunamaliza tokeni upesi na juu kunabaki vilevile.

Na lile bomba ambalo fundi wa kwanza alitaka kulikata? Kibandiko cha kompresa kilisomeka R600a. Hiyo ni gesi inayowaka moto, na kiasi chake ndani ya friji ya nyumbani ni kidogo, makumi machache ya gramu. Kuikata mifumo hiyo bila sababu kunaingiza unyevu, na mwenye mtungi wa R134a akiijaza humo, friji iliyokuwa na kilango kibovu sasa ina mtambo mbovu.

Kwa wanaonunua friji zilizotumika ili kuziuza ng'ambo ya mpaka, wauzaji wengi hufungua friza, huonyesha barafu na kutaja bei. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu sehemu ya juu. Mnunuzi anayeweza kusubiri aiache iwake saa chache milango ikiwa imefungwa, kisha aweke kiganja kwenye matundu ya juu huku feni ikizunguka, avute karatasi kwenye pembe nne za mpira, achomoe plagi na kuirudisha akisikiliza kama kilango kinajisogeza. Mama wa Lunga Lunga sasa huenda Mombasa na kipimajoto chake mkobani, na wauzaji wawili wamekwisha kumkatalia asikitumie.