Kuagiza kwa Ratiba au kwa Kiwango?

Ghala la dawa linatoa paketi 10 za dawa fulani kwa siku, na mzigo huchukua siku 7 kufika. Likifuatilia salio kila siku, litaagiza zikibaki 70 pamoja na akiba ya tahadhari. Likihesabu kila baada ya siku 14, agizo lifikishe zilizopo na zilizo njiani hadi 210 pamoja na akiba, maana agizo linalofuata litafika baada ya siku 21. Akiba yenyewe hukua takribani mara 1.7.

Penye bidhaa maelfu, zile chache za bei kubwa zifuatiliwe kila siku. Zile nyingi za bei nafuu, hasa za msambazaji mmoja, ziagizwe kwa ratiba zigawane nauli ya lori.