Saa Inayolinda Programu Isigande

Chipu inayoendesha pampu ya kisima ikiganda usiku, hakuna mtu wa kuizima na kuiwasha. Kazi hiyo ni ya saa ya ulinzi, inayohesabu muda peke yake ndani ya chipu. Programu isipoirudisha mwanzo kwa wakati, chipu huwashwa upya. Katika ATmega328P, muda mrefu kabisa ni takriban sekunde 8.

Kosa baya ni kuirudisha saa hiyo ndani ya katizo la taima. Programu kuu inaweza kukwama ikisubiri jibu la kihisi kilichokatika waya, huku katizo likiendelea kuituliza saa, na pampu ikizunguka katika kisima kikavu. Afadhali kusoma kihisi, kufanya uamuzi na kuendesha pampu, kila kazi iwashe biti yake ikimaliza. Kitanzi kikuu kisubiri zote tatu:

```c
if (alama == 0x07) {
  wdt_reset();
  alama = 0;
}
```

Chipu ikishawashwa upya na saa hii, saa hubaki hai, tena kwa muda mfupi kabisa, takriban milisekunde 16. Kwa hiyo mwanzoni programu ihifadhi thamani ya `MCUSR`, ifute biti ya `WDRF`, kisha iite `wdt_disable()`. Maandalizi yakichelewa kabla ya hapo, chipu itajiwasha upya mfululizo. Thamani iliyohifadhiwa ndiyo itakayomwonyesha fundi kwamba programu iliganda, si umeme uliokatika.