Kuvua Kava la Rimu Bila Kukunja Klipu Zake

Kava la plastiki linalofunika rimu ya chuma, kama yale ya saluni ndogo nyingi za Kijapani, kwa kawaida halifungwi kwa skrubu wala nati. Nyuma yake limezungukwa na klipu fupi za plastiki, na ndani ya klipu hizo hupita springi ya waya iliyopindwa kuwa duara. Springi huzisukuma klipu zote kuelekea nje. Kila klipu ina jino dogo kwenye ncha, na jino hilo hukaa nyuma ya mbinuko mwembamba ulio upande wa ndani wa ukingo wa rimu. Kava linapovutwa, jino hulazimika kuupanda mbinuko huo huku klipu ikirudi ndani kidogo na kuibana springi. Kwa hiyo klipu imetengenezwa ili ipinde kuelekea katikati ya gurudumu. Ikisukumwa upande hupinda vibaya au hukatika kwenye shina lake.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa njia inayotumiwa na wengi, yaani kuchomeka bisibisi mahali pamoja na kubetua kwa nguvu hadi kava liruke. Tuchukue rimu ya inchi 14 yenye kava la klipu 8. Zikipangwa kwa umbali sawa, kati ya klipu moja na nyingine kuna takriban sentimita 13. Upande mmoja ukibetuliwa hadi utoke kabisa, kava huinama, na klipu za upande wa pili, ambazo meno yake bado yamenasa, hugeuka kuwa bawaba. Uzito wote wa mbetuo huziangukia, tena kwa mshazari. Ndiyo maana klipu inayokutwa imekatika mara nyingi si ile iliyokuwa karibu na bisibisi bali ya ng'ambo, na mwenye gari hubaki akijiuliza imevunjwa na nini.

Kabla ya kuvuta chochote, inafaa kuhakikisha kwamba kava limeshikwa na klipu peke yake. Yapo makava ambayo nati za gurudumu hupita juu yake na kulikandamiza. Hilo halitatoka hata likivutwa mchana kutwa, mpaka nati zilegezwe. Yapo pia yaliyofungwa kwa kamba nyembamba za plastiki ili yasidondoke barabarani wala kuibwa. Kamba hizo hukatwa kwanza. Kisha gari lisimame mahali tambarare, handbreki ikiwa imevutwa na magurudumu yote yakiwa chini. Kuvutana na kava wakati gari liko juu ya jeki ni hatari, kwa sababu kila mvuto hulitikisa gari.

Joto nalo lina neno lake. Gari lililotoka kuteremka mlima mrefu huwa na breki za moto, na joto hilo huingia kwenye rimu hadi kwenye klipu. Plastiki ya moto hupinda kwa urahisi na kubaki imepinda, kwa hiyo gari liachwe lipoe. Asubuhi ya baridi ya nyanda za juu huleta taabu ya kinyume: plastiki iliyopigwa na jua miaka mingi huwa kavu, na ikiwa baridi hukatika badala ya kupinda. Maji ya vuguvugu yakimwagwa juu ya kava kwa dakika chache huilainisha kiasi cha kutosha.

Mara nyingi kinachozikaza klipu ni tope lililokauka na kutu ya ukingo wa rimu kuliko springi yenyewe. Maji yenye sabuni yakipitishwa kwenye mwanya kati ya kava na rimu huondoa tope na kuyafanya meno yateleze. Oili ya kulegeza kutu hupendwa na wengi, lakini hapa si chaguo zuri, maana nyuma ya rimu kuna breki, na oili ikifika kwenye diski au viatu vya breki hupunguza uwezo wake wa kusimamisha gari.

Klipu hutafutwa kwa kumulika tochi kupitia matundu ya kava. Zikishaonekana, mahali pa kila moja pawekewe alama ya chaki kwenye tairi. Nguvu iwekwe karibu na klipu, si katikati ya klipu mbili, kwa kuwa pale katikati ukingo wa plastiki hupinda na kupasuka kabla jino halijasogea. Kifaa bora ni ndoano ya waya mgumu wenye unene wa milimita 3 hivi, inayoingia kwenye tundu lililo karibu na ukingo na kulivuta kava moja kwa moja kuelekea nje. Volkswagen imekuwa ikiweka ndoano ya namna hiyo katika vifaa vya baadhi ya magari yake: ndoano hushika ukingo wa kava, spana ya magurudumu hupitishwa ndani yake na kuegemezwa kwenye mpira wa tairi, kisha huvutwa.

Pasipo ndoano, bisibisi bapa iliyoviringishwa kitambaa hufaa. Ichomekwe kati ya kava na rimu, kamwe si kati ya rimu na tairi, na ikae mbali na valvu. Kazi hufanywa kwa mzunguko, kama mfuniko wa kopo la rangi unavyofunguliwa: klipu ya kwanza inanyanyuliwa milimita 2 au 3 tu, halafu inayoielekea ng'ambo, halafu mbili za pembeni, na zilizobaki. Mzunguko wa pili huongeza milimita nyingine chache. Kufikia hapo meno huwa yamekaa juu ya mbinuko, na kava hutoka kwa mikono miwili iliyoshika pande zinazoelekeana. Glovu si anasa, kwani kingo za rimu zenye kutu hukata. Klipu moja ikigoma huku nyingine zimelegea, ndoano au bisibisi ihamie hapo hapo. Kuvuta kwa nguvu zaidi upande uliokwisha kulegea ndiko kunakoiharibu.

Kava likishatoka, mashina ya klipu yakaguliwe. Mstari mweupe kwenye shina ni dalili kwamba plastiki imevutwa kupita kiasi na iko karibu kukatika. Klipu iliyoinama isinyooshwe ikiwa baridi. Itumbukizwe kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika moja, inyooshwe taratibu, kisha ishikiliwe mpaka ipoe. Springi nayo itazamwe kama ingali ndani ya vijia vyake vyote, kwa sababu ikichomoka kwenye klipu moja, klipu hiyo haishiki tena.

Wakati wa kurudisha, kutu ya ukingo isuguliwe kwa brashi ya waya, na meno yapakwe maji ya sabuni kidogo. Pengo la valvu lilingane na valvu yenyewe, upande huo usukumwe kwanza kwa kiganja, kisha pande zote mbili kwa zamu hadi upande unaoielekea valvu. Nyundo haina kazi hapa. Kava lililopoteza klipu moja kati ya 8 bado laweza kutumika, lakini likipoteza mbili zinazofuatana, zaidi ya robo ya mzunguko hubaki bila kushikwa, na kava hilo halifai kurudishwa barabarani.